SOMO LA UFUNDI REDIO: Dayodi Ipi Inapitisha Umeme? Kisia, Piga Hesabu, Hakiki



Fikiria kibanda cha redio ya mawasiliano, ile inayotumika kuita gari la wagonjwa. Nje jenereta inanguruma. Ndani kuna betri ya gari ya volti 12, na juu ya rafu kuna mawe sita ya redio yaliyofungwa pamoja kama akiba ya mwisho. Vyote vitatu vimeunganishwa na redio hiyo hiyo kwa kupitia dayodi tatu. Mlinzi wa zamu anasema: "Jenereta ikiwa inafanya kazi, betri inapumzika." Je, ni kweli?

Ukidhani ni kweli kumbe si kweli, betri itakwisha nguvu polepole wala hakuna atakayejua, na siku jenereta itakapokosa mafuta redio haitaita. Katika somo hili tutajifunza njia ya kupata jibu kwa kalamu na karatasi, kabla ya kugusa waya wowote. Chukua daftari, tufanye pamoja.

TUKUMBUSHANE KUHUSU DAYODI

Dayodi ina ncha mbili. Ncha ya kuingilia umeme huitwa anodi. Ncha ya kutokea huitwa kathodi, nayo huwekewa alama ya mstari unaozunguka mwili wa dayodi. Umeme hupita kutoka anodi kwenda kathodi, haurudi nyuma.

Kwa ajili ya hesabu tunaanza na dayodi kamilifu, yaani ile isiyokula volti hata kidogo. Dayodi hiyo ina hali mbili tu:

(a) IMEFUNGUKA. Ni kama kipande cha waya. Volti kati ya ncha zake ni 0. Mkondo unapita kwenda mbele.

(b) IMEFUNGA. Ni kama waya uliokatwa. Mkondo ni 0. Volti ya anodi ni ndogo kuliko ya kathodi, au zinalingana.

Hapa ndipo ugumu unapoanza. Hatuwezi kupiga hesabu ya saketi mpaka tujue dayodi zipi zimefunguka. Na hatuwezi kujua zipi zimefunguka mpaka tupige hesabu ya saketi. Njia ya kutoka ni moja: tukisie hali ya kila dayodi, tupige hesabu kana kwamba kisio letu ni sahihi, halafu tuhakiki. Kisio likiwa baya, hesabu yenyewe itatuonyesha.

SAKETI YETU

Chora saketi hii katika daftari lako. Kuna njia tatu zinazokutana mahali pamoja. Mahali hapo tupaite kiungo P.

Njia ya 1: adapta ya jenereta, volti 18 -> rezista ya omu 6 -> D1 -> P
Njia ya 2: betri, volti 12 -> D2 -> P
Njia ya 3: mawe sita, volti 9 -> D3 -> P

Kila dayodi, anodi yake inaelekea kwenye chanzo na kathodi inaelekea P. Kutoka P waya unakwenda kwenye redio, na redio inarudi kwenye waya hasi. Ncha hasi za adapta, betri na mawe zote zimeungwa kwenye waya hasi huo huo. Volti zote tutazihesabu kutoka hapo.

Redio yenyewe tutaichukua kama rezista. Inaposikiliza tu, tuseme ni omu 24. Mtu anapobonyeza kitufe cha maikrofoni aongee, redio inavuta umeme mwingi zaidi, nasi tutasema imekuwa omu 6.

Dayodi ni tatu na kila moja ina hali mbili. Kwa hiyo makisio yanayowezekana ni 2 x 2 x 2 = 8. Usiogope, hatutayajaribu yote.

HATUA ZA KUFUATA

1. Andika kisio lako waziwazi: D1 imefunguka au imefunga, D2 vilevile, D3 vilevile.
2. Chora saketi upya. Dayodi iliyofunguka, weka waya. Dayodi iliyofunga, acha pengo.
3. Piga hesabu ya volti na mikondo kwa kanuni ya Omu: V = I x R.
4. Hakiki kila dayodi. Uliyosema imefunguka, tazama mkondo wake: lazima uende mbele, usiwe hasi. Uliyosema imefunga, tazama volti zake: anodi ukitoa kathodi isizidi 0.
5. Dayodi zote zikipita, umepata jibu. Hata moja ikishindwa, tupa hesabu yote, badili kisio, anza tena hatua ya 2.

Zingatia hatua ya 4, maana wanafunzi wengi huikosea. Dayodi uliyoichora kama waya itakuwa na volti 0 daima, kwa sababu wewe mwenyewe umeichora hivyo. Kuhakiki volti zake ni kujidanganya. Vivyo hivyo, dayodi uliyoichora kama pengo haiwezi kuwa na mkondo. Hakiki kile ambacho hukukiamua wewe: kwa iliyofunguka ni mkondo, kwa iliyofunga ni volti.

HESABU YA KWANZA: REDIO INASIKILIZA (OMU 24)

Kisio la kwanza: zote tatu zimefunguka. Mtu asiyezoea angeanza hapa, maana vyanzo vyote vitatu vina umeme.

Chora waya badala ya kila dayodi. Kwa njia ya 2, kiungo P kimeungwa moja kwa moja na betri, basi P = volti 12. Kwa njia ya 3, P kimeungwa moja kwa moja na mawe, basi P = volti 9. Kiungo kimoja hakiwezi kuwa na volti 12 na 9 kwa wakati mmoja. Hesabu imegoma kabla hata ya kufika kwenye uhakiki. Hiyo pia ni namna ya kisio kushindwa: D2 na D3 haziwezi kufunguka pamoja.

Kisio la pili: D1 na D2 zimefunguka, D3 imefunga.

P = volti 12, kwa sababu ya betri.
Mkondo wa njia ya 1: (18 - 12) / 6 = ampia 1.
Mkondo unaoingia kwenye redio: 12 / 24 = ampia 0.5.

Sasa tuhesabu mkondo wa D2. Umeme unaofika P lazima ulingane na unaotoka. Kutoka D1 inakuja ampia 1, redio inachukua 0.5. Kwa hiyo D2 inapaswa kuleta 0.5 - 1 = -0.5.

Alama hasi inasema nini? Inasema kwamba ili kisio letu liwe kweli, nusu ampia ingelazimika kurudi nyuma ndani ya D2 na kuingia kwenye betri. Dayodi haikubali. Kisio limeshindwa. Usiifute alama hiyo wala usidhani umekosea kutoa. Ndiyo inayokuambia ubadili D2.

Kisio la tatu: D1 imefunguka, D2 na D3 zimefunga.

Sasa njia pekee ni ya adapta. Rezista ya omu 6 na redio ya omu 24 zimefuatana, jumla omu 30.

Mkondo: 18 / 30 = ampia 0.6.
Volti ya P: 0.6 x 24 = 14.4.

Tuhakiki:
D1 imefunguka: mkondo ni 0.6 kwenda mbele. Sawa.
D2 imefunga: 12 - 14.4 = -2.4. Anodi ni ndogo. Sawa.
D3 imefunga: 9 - 14.4 = -5.4. Anodi ni ndogo. Sawa.

Zote zimepita. Hilo ndilo jibu. Katika saketi ya vyanzo, rezista na dayodi kama hii, ukipata kisio linalopita kila uhakiki huna haja ya kuhangaika na yaliyobaki.

Mpaka hapa mlinzi wetu yuko sahihi. Redio inaposikiliza, betri inapumzika.

HESABU YA PILI: MTU ANAONGEA (OMU 6)

Hakuna waya uliobadilishwa. Kilichobadilika ni kitufe tu. Wengi wangechukua jibu la kwanza na kulitumia hapa. Tujaribu tuone.

Kisio: D1 imefunguka, D2 na D3 zimefunga, kama mwanzo.

Jumla ya omu: 6 + 6 = 12.
Mkondo: 18 / 12 = ampia 1.5.
Volti ya P: 1.5 x 6 = 9.

Tuhakiki:
D1: ampia 1.5 kwenda mbele. Sawa.
D2: 12 - 9 = +3. Anodi imezidi kathodi kwa volti 3. Dayodi kamilifu haiwezi kubaki imefunga hali anodi yake iko juu. Imeshindwa.

Tuibadili D2. Kisio jipya: D1 na D2 zimefunguka, D3 imefunga.

P = volti 12.
Mkondo wa D1: (18 - 12) / 6 = ampia 1.
Mkondo wa redio: 12 / 6 = ampia 2.
Mkondo wa D2: 2 - 1 = ampia 1, kwenda mbele.
D3: 9 - 12 = -3, imefunga.

Zote zimepita. Kumbe mtu anapoongea, jenereta inatoa ampia moja na betri inatoa ampia moja. Kisio lililokataliwa katika hesabu ya kwanza ndilo jibu la hesabu ya pili. Kwa hiyo kila mzigo unapobadilika, kisio huhakikiwa upya.

HESABU INATUAMBIA NINI KUHUSU KIBANDA

Angalia ile (18 - 12) / 6 = ampia 1. P ikiwa volti 12, adapta hii kupitia rezista yake haitoi zaidi ya hapo. Redio ikitaka chini ya ampia 1, volti za P hupanda juu ya 12 na D2 hufunga. Ikitaka zaidi ya ampia 1, P hushikwa na betri kwenye volti 12, na kinachopungua hutoka kwenye betri. Mpaka uko kwenye mzigo wa omu 12, kwa sababu 12 / 12 = 1.

Basi tuseme mtu anaongeza taa kwenye waya wa redio, na mzigo wote unakuwa omu 6 usiku kucha. Jenereta itanguruma kama kawaida, taa itawaka vizuri, redio itasikika. Lakini betri itatoa mkondo wa ampia 1 muda wote. Betri ya saa-ampia 40 ingekwisha kwa saa 40, na kwa kuwa betri ya gari huharibika ikishushwa mara kwa mara chini ya nusu, tayari baada ya saa 20 uko mahali pabaya.

Kuna jambo la pili. D2 inatoa tu, haipokei. Jenereta haiwezi kuijaza betri kwa njia hii, hata ifanye kazi juma zima. Ampia zilizotoka hazirudi mpaka betri ipelekwe kwenye chaja. Kwa hiyo maneno "jenereta inafanya kazi, betri inajaa" si kweli hata kidogo katika saketi hii.

Usijaribu kutibu hali hiyo kwa kuondoa D2 na D3 na kuunga waya moja kwa moja. Ukiondoa hizo mbili, unapata lile kisio letu la kwanza lililogoma: volti 12 na volti 9 kwenye kiungo kimoja. Katika hesabu ni kichekesho, lakini katika waya halisi betri itasukuma mkondo mkubwa ndani ya mawe. Mawe ya kawaida hayakutengenezwa kujazwa. Hupata moto, huvuja, na yanaweza kupasuka. Vilevile weka fyuzi karibu na ncha chanya ya betri, kwa sababu betri ya gari ikigusanishwa hutoa mkondo wa kuyeyusha waya.

KUCHAGUA DAYODI

Dayodi nyeusi ndogo iliyoandikwa 1N4007 hupatikana kwa urahisi. Hiyo imetengenezwa kwa mkondo wa wastani wa ampia 1. Je, inafaa kwa D2? Katika hesabu ya pili D2 ilipitisha ampia 1 hasa, kwa hiyo mtu angesema inafaa.

Lakini tupige hesabu na jenereta imezimika, mtu anaongea. Kisio: D2 imefunguka, nyingine zimefunga. P = 12. Mkondo wa D2 ni 12 / 6 = ampia 2. D1: upande wa adapta hauna umeme, 0 - 12 = -12, imefunga. D3: 9 - 12 = -3, imefunga. Zote zimepita, na D2 inabeba ampia 2. Dayodi ya ampia 1 inaweza kuungua katika saa ile ile ambayo betri peke yake inategemewa. Weka ya ampia 3, kama 1N5408. Fanya hesabu kwa kila hali ya kibanda, halafu chagua dayodi kwa hali iliyo mbaya kuliko zote.

DAYODI HALISI

Dayodi halisi ya silikoni hula takriban volti 0.7 inapopitisha, na kidogo zaidi mkondo ukiwa mkubwa. Turudie hesabu ya pili kwa kuweka 0.7 kwenye kila dayodi iliyofunguka. P = 12 - 0.7 = 11.3. Mkondo wa D1: (18 - 0.7 - 11.3) / 6 = ampia 1. Redio: 11.3 / 6 = karibu ampia 1.88. D2: karibu ampia 0.88. Namba zimesogea kidogo, lakini hali za dayodi ni zile zile.

Tahadhari iko mpakani tu. Kwa dayodi halisi, uhakiki wa iliyofunga unakuwa hivi: anodi ukitoa kathodi isifike 0.7. Hesabu yako ya dayodi kamilifu ikikuonyesha tofauti ya volti 2 au 3, iamini. Ikionyesha tofauti ya nusu volti, rudia kwa kuweka 0.7 kabla ya kusema dayodi imefunguka.

Ukiwa na mita unaweza kuhakiki kazi yako kwenye kibanda chenyewe. Weka waya mwekundu wa mita kwenye anodi ya D2 na mweusi kwenye kathodi. Ikisoma karibu +0.7, D2 imefunguka na betri inatumika. Ikisoma hasi, betri inapumzika. Kisha pima volti za ncha mbili za rezista ya omu 6 na ugawe kwa 6. Ukisoma volti 6, jenereta inatoa ampia 1. Ikiwa D2 inasoma +3 wakati mtu anaongea, hiyo si dayodi iliyofunguka wala iliyofunga. Imekatika ndani, au mguu wake haukuchomewa vizuri.

ZOEZI

Betri imechoka, imeshuka mpaka volti 8. Jenereta inafanya kazi, adapta ni volti 18 na rezista ni ile ile ya omu 6. Mawe ni volti 9. Redio na taa kwa pamoja ni omu 4. Tumia dayodi kamilifu.

Anza na kisio kwamba D1 peke yake imefunguka. Hakiki. Likishindwa, usibadili dayodi zote kwa pamoja. Badili kwanza ile yenye kosa kubwa zaidi, halafu hakiki tena.

JIBU

D1 peke yake: mkondo 18 / 10 = ampia 1.8, P = 7.2. D2: 8 - 7.2 = +0.8, imeshindwa. D3: 9 - 7.2 = +1.8, nayo imeshindwa. Kosa la D3 ndilo kubwa, basi tufungue D3 na kuiacha D2 imefunga. P = 9. D1: (18 - 9) / 6 = ampia 1.5. Mzigo: 9 / 4 = ampia 2.25. D3: 2.25 - 1.5 = ampia 0.75, kwenda mbele. D2: 8 - 9 = -1, imefunga. Zote zimepita.

Angalia D2. Katika kisio la kwanza ilionekana kama inataka kufunguka, lakini D3 ilipofunguka iliinua P, na D2 ikabaki imefunga. Aliyefungua zote mbili kwa mara moja angekuta P ni 8 na 9 kwa pamoja, akagoma. Na kwa mwenye zamu jibu hili lina maana moja: mawe ya akiba yanaliwa sasa hivi, jenereta ikiwa inanguruma. Zima taa, na betri ipelekwe kwenye chaja leo.